Nilipaka kahawia, ncha zikatoka nyeusi tii

Barua

Shikamooni.

Nina miaka 17, nipo Tanga. Nywele zangu zinafika mabegani. Niliacha kuweka dawa miezi minane iliyopita, kwa hiyo vidole vinne vya juu ni nywele za asili, na za chini ni za dawa, zilikuwa zimepauka na kupata wekundu wa jua. Nilitaka zote ziwe kahawia kwa sababu mtoto wa mama mkubwa anaolewa baada ya wiki tatu. Nikanunua pakiti mbili za rangi ya kudumu, namba 4. Nikachanganya moja, nikapaka kuanzia mizizini hadi nchani, nikajifunga mfuko wa nailoni. Pakiti inasema dakika 30, lakini nilipochungulia niliona bado, nikakaa dakika 50. Nilipoosha, juu kumekuwa kahawia yenye wekundu, chini ni nyeusi tii na hazing'ai.

Bibi hakunigombeza. Yeye hapendi nywele za kuchana zitupwe ovyo, huziweka kwenye mfuko mpaka zichomwe. Akatoa zangu za kabla ya rangi, akazikata, za ncha mbali na za mizizini mbali, akazifunga vifundo kwa uzi. Akafungua pakiti ya pili, akachanganya kijiko cha chai kwa kijiko cha chai kwenye kisahani. Dakika ya 10 kifundo cha ncha kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Cha mizizini mpaka dakika ya 30 kilikuwa kahawia tu. Akaniambia, "Hizo ni nywele mbili tofauti, umezipa kipimo kimoja. Siku nyingine kifundo kwanza, kichwa baadaye."

Naomba mnieleze kwa nini imekuwa hivyo, na kama naweza kurekebisha kabla ya harusi. Mama mdogo anasema nipake rangi isiyokolea juu yake. Rafiki yangu anasema blichi. Bibi anasema nisipake chochote kwanza.

Jibu

Marahaba, binti. Mfuate bibi yako. Jaribio alilokufanyia ndilo ambalo msusi mzuri hulifanya kabla ya kugusa kichwa cha mteja, na limeonyesha kosa lilipo: kwenye ncha, wala si kwenye zile dakika 20 ulizozidisha. Kama kifundo cha ncha kilikuwa cheusi dakika ya 10, basi hata ungeosha dakika ya 30 kama pakiti inavyosema, ungekutana na weusi huohuo.

Unywele umefunikwa na magamba madogo yanayolaliana. Kwenye nywele za asili ambazo hazijaguswa na dawa, magamba hayo yamebana, na rangi huingia polepole. Dawa ya kulainisha nywele ni kali. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi, au zile za kuchanganya mwenyewe, zenye kalisiamu haidroksaidi na kimiminika cha kuiwasha. Ili inyooshe unywele lazima iuvimbishe, iyainue magamba na kuvunja baadhi ya viungo vya ndani, na magamba yakishainuliwa hivyo hayarudi kubana kama mwanzo. Ongeza jua, maji ya bahari na miezi ya kuchana, ndiyo unapata zile ncha zilizopauka. Ncha za namna hiyo hunywa rangi mara tu zinapoguswa, na hunywa nyingi kuliko zinavyohitaji.

Rangi ya kudumu haifanyi kazi kama rangi ya ukuta, inayokaa juu. Ndani ya tyubu kuna chembe ndogo zisizo na rangi kali, pamoja na amonia au kitu kingine cha kufungua magamba. Kwenye chupa kuna developa, yaani krimu yenye haidrojeni peroksaidi, mara nyingi asilimia 6 kwa pakiti za nyumbani. Ukivichanganya, chembe ndogo huingia ndani ya unywele, na humo humo huanza kuungana zikawa chembe kubwa zenye rangi, ambazo haziwezi kutoka tena kwa urahisi. Mahali penye nafasi nyingi, kama ncha zako, huingia nyingi. Ndiyo maana wasusi huhesabu kwamba ncha zilizochoka zitatoka na rangi iliyokolea kwa hatua moja au mbili zaidi ya namba iliyo kwenye pakiti. Namba hizo huanzia 1, ambayo ni nyeusi, 3 ni kahawia iliyokolea, 4 kahawia, 5 kahawia isiyokolea, na kuendelea hadi 10. Namba 4 yako ikishuka hatua mbili kwenye ncha za dawa, jicho la mtu wa kawaida linaona nyeusi.

Mizizini mambo yalikuwa kinyume. Kule nywele zilikuwa nyeusi kwa asili, na peroksaidi ya asilimia 6 iliufifisha weusi huo kwa hatua moja hivi, pengine mbili. Weusi wa asili ukipungua, wekundu uliokuwa umefichwa chini yake hujitokeza. Wekundu unaouona hautoki kwenye tyubu, ni wa nywele zako mwenyewe. Picha ya mwanamke kwenye boksi isikudanganye, maana mara nyingi ni ya mtu ambaye nywele zake hazikuwa nyeusi kama zetu. Ukweli uko kwenye vijipicha vya ubavuni mwa boksi, vinavyoonyesha "kabla" na "baada". Kama kwenye safu ya "kabla" hakuna nyeusi, pakiti hiyo haijakuahidi chochote.

Jambo jingine: ulipochungulia ukaona "bado", ulikuwa unatazama nini? Krimu iliyo juu ya nywele hubadilika rangi yenyewe ikikutana na hewa. Inaweza kuwa ya zambarau, ya rangi ya chungwa au nyeusi, na hakuna hata moja inayokuambia unywele ulio chini umefikia wapi. Ili ujue, unafuta kishungi kimoja kwa pamba yenye maji, unakikausha kwa taulo, unakipeleka dirishani. Tena, unywele mbichi huonekana umekolea kuliko ukiwa mkavu, kwa hiyo ukiuona mbichi unakaribia rangi unayotaka, ukikauka utakuwa umepungua kidogo.

Sasa harusi. Wiki tatu zinatosha kurekebisha kiasi, kwa sharti kwamba usijaribu kuzirudisha ncha zote ziwe kahawia. Hilo kwa nywele za dawa, nyumbani, halitafanyika bila nywele kukatikakatika. Njia iliyo salama ni kuzilegeza ncha kidogo, halafu kushusha mizizi ikutane nazo.

Wiki ya kwanza, osha tu. Usiku wa kuamkia kuosha, paka ncha mafuta ya nazi na ufunge kitambaa. Mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini yake kupotea wakati wa kuosha, na ncha zako zinahitaji ulinzi huo. Asubuhi lowesha kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha weka shampuu ya kuondoa mba au ile ya kusafisha kwa kina, kwenye ncha peke yake. Acha povu likae dakika 5, suuza, malizia na kondishena. Mara mbili kwa wiki inatosha. Ukiosha kila siku, nywele za dawa zitaanza kukatika kwenye ule mpaka zinapokutana na za asili, na hapo ndipo unywele wako ni dhaifu kuliko mahali pengine popote. Maji ya kusuuzia yatatoka meusi au ya hudhurungi mara za mwanzo. Tarajia weusi upungue ukali, usitarajie kahawia.

Mwisho wa wiki hiyo zitazame nje, zikiwa kavu kabisa. Kama bado ni nyeusi mno, kuna dawa ya kuondoa rangi isiyo na blichi. Madukani huwa na chupa mbili, na harufu yake ni ya yai viza, kwa sababu ya salfa. Hiyo haichomi rangi. Huzikata zile chembe kubwa zilizoungana ndani ya unywele zirudi kuwa ndogo, ili maji yazitoe. Faida yake ni kwamba haigusi weusi wa asili. Mipaka yake nayo ni lazima uijue. Haiondoi hina, wala rangi ya unga wenye madini. Haiwezi kurudisha weusi ulioondolewa na peroksaidi, kwa hiyo ncha zinaweza kutoka na wekundu wa kutu. Pia hukausha.

Ijaribu kwanza kwenye kishungi kimoja cha ncha, cha nyuma ya shingo. Kikishaoshwa, kikiwa bado kibichi, kivute taratibu kwa vidole viwili. Kikirefuka kama mpira uliochoka na kisirudi, au kikikatika, acha kabisa, dawa hiyo si ya nywele zako. Kikirudi vizuri, paka ncha tu, funika, fuata dakika za maelezo, halafu osha. Hapa ndipo wengi huharibu. Chembe zilizokatwa zikibaki ndani ya unywele, hewa huziunganisha upya, na kesho yake nywele zinakuwa nyeusi tena. Suuza kwa maji yanayotiririka kwa muda wote ulioandikwa, na hata kama maelezo hayakutaja muda, usipungue dakika 10. Kwa maji ya ndoo na kata, itachukua zaidi ya ndoo mbili, na ni heri kuwe na mtu wa kukumiminia. Fanya mara moja tu.

Wiki ya pili, geukia mizizi. Badala ya kuvuta ncha juu, ishushe mizizi hatua moja. Tafuta rangi isiyo ya kudumu, isiyo na amonia, namba 3, ambayo jina lake halina neno la wekundu wala shaba. Rangi hiyo haifungui weusi wa asili, inaongeza tu. Wekundu wa juu utatulia, ncha zitakuwa zimelegea, na tofauti itakuwa ndogo kiasi kwamba ukibana nywele haitaonekana. Kabla ya hapo, rudia kifundo cha bibi kwa rangi hiyo mpya. Nywele zilizotoka kwenye kitana baada ya ile siku ya rangi ndizo za kutumia sasa, maana ndizo zinazofanana na kichwa chako cha leo. Kata upande wa mizizini, fungu la unene wa njiti ya kiberiti, funga kwa uzi mweupe. Tengeneza vifundo vitatu. Kimoja kitoe dakika ya 5, cha pili ya 10, cha tatu ya 15. Osha, kausha, bandika kwenye karatasi nyeupe na uandike dakika chini ya kila kimoja, kisha vitazame nje kivulini. Taa ya sebuleni hufanya kahawia ionekane nyeusi. Chagua dakika unazozipenda, ndizo utakazotumia.

Siku ya kupaka, zipake ncha kondishena nzito kuanzia pale kwenye mpaka hadi mwisho, bila kusuuza, ili rangi ikizigusa kwa bahati mbaya isiingie. Halafu paka mizizi. Wiki ya tatu usiguse kitu, isipokuwa kupunguza sentimeta mbili za mwisho kama zimegawanyika. Ukipenda kusukwa, mweleze msusi kwamba mpaka wa dawa na asili ni dhaifu, asivute.

Wazo la mama mdogo ni zuri kwa nia, lakini halitafanya kazi. Rangi haiwezi kuing'arisha rangi. Peroksaidi iliyomo kwenye pakiti hufifisha weusi wa asili, ila chembe ulizozijaza wewe mwenyewe haziondoi. Ukipaka namba 6 juu ya ncha hizo, zitabaki nyeusi, na mizizi itazidi kung'aa kwa wekundu. Tofauti itaongezeka.

Blichi tunaikataa kwa nywele za dawa, na kwako mara mbili, kwa sababu hujasema kama umewahi kupaka hina ya pakiti. Hina nyingine za unga zimechanganywa na chumvi za madini. Blichi na peroksaidi zikikutana na madini hayo, nywele hupata joto, wakati mwingine hutoa mvuke, na zinaweza kukatikia mkononi. Kama kuna msusi atakayekushawishi, mwambie aloweke kwanza kifundo kwenye mchanganyiko wake. Kikipata joto, umeshajua. Ile dawa ya majimaji ya kung'arishia nguo nyeupe, tunayoiita jiki, usiisogeze kichwani kabisa. Inayeyusha nywele na kuunguza ngozi. Sabuni ya unga na magadi soda nazo huinua magamba yaleyale tunayotaka yatulie.

Kuna swali moja ambalo haliko kwenye barua yako, na katika mwambao wetu ni la lazima: je, umewahi kupakwa piko mikononi au miguuni? Piko nyeusi tunayochorwa kwenye harusi mara nyingi ina kemikali ileile iliyo kwenye rangi nyeusi na kahawia za nywele, parafenilinidayamini, inayofupishwa PPD kwenye pakiti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, PPD kwenye rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa haitakiwi kuzidi asilimia 2, na kuipaka kwenye ngozi kama pambo hakuruhusiwi. Huko pia pakiti lazima iandikwe kwamba haikusudiwi watu walio chini ya miaka 16. Mtu akishapata mzio wa PPD kupitia piko, mzio huo huwa haumwachi maisha yake yote, na mara nyingine atakayokutana nayo inaweza kuwa kichwani, mahali ambapo haifutiki haraka. Kama piko iliwahi kukuwasha, kukutoa malengelenge au kukuachia mchoro uliovimba, usitumie tena rangi yenye PPD, hata kama safari hii hukudhurika.

Kama haijawahi, bado fanya jaribio la ngozi kila mara, kwa sababu mzio unaweza kuanza mara ya pili au ya kumi. Fuata maelezo ya pakiti yako. Kwa kawaida ni tone dogo ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio, kisha kusubiri saa 48. Pakiti isiyo na maelezo ya jaribio hilo iache dukani. Kuwashwa, wekundu au uvimbe ni jibu tosha. Dalili zinaweza kuchelewa siku moja hadi tatu, kwa hiyo kusema "mbona jana hakukuwa na kitu" hakukulindi. Kope zikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja.

Kwa wasomaji wengine walio na nywele kama zako za awali, juu asili na chini dawa, na bado hawajapaka, hivi ndivyo kifundo cha bibi kinavyogeuka kuwa ratiba. Tuchukue matokeo yake yaleyale: mizizi inataka dakika 30, na ncha zimeshakuwa nyeusi dakika ya 10. Basi ncha zijaribiwe upya kwa dakika 3, 5 na 7. Tuseme dakika 5 ndizo zilizotoa kahawia. Kosa la kawaida ni kuchanganya tyubu yote na chupa yote mara moja. Mchanganyiko huanza kufanya kazi tangu uchanganywe, na ukifika saa moja umechoka. Kwa hiyo gawanya. Kama pakiti ina mililita 60 za krimu na 60 za developa, changanya 30 kwa 30 kwanza. Zilizobaki zifunge kila moja kwenye chombo chake.

Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikio, vaa glovu, gawa kichwa mafungu manne. Ukianza kupaka mizizi saa 4:00 asubuhi na kumaliza saa 4:15, dakika 30 huanza kuhesabiwa saa 4:15, isipokuwa pakiti yako iseme vinginevyo. Saa 4:35 changanya nusu ya pili. Saa 4:37 anza kupaka ncha haraka, umalize saa 4:40, ukianza na zile zilizo nzima zaidi na kumalizia na zilizopauka sana. Saa 4:45 osha zote kwa pamoja. Usifunge mfuko wa nailoni kama pakiti haijasema. Joto la Tanga linatosha, na mfuko huharakisha kazi kwenye ncha ambazo hazikuhitaji kuharakishwa. Mchanganyiko ukibaki, umwage. Usiufungie kwenye chupa, kwa sababu unaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Na kama unaweka dawa ya kulainisha, dawa itangulie, rangi ifuate baada ya wiki mbili au zaidi, kamwe si siku moja.

Huenda bibi yako atakuambia mwisho wa yote kwamba hina ingetosha. Kwa zile ncha zilizopauka, ni kweli ingezipa wekundu mzuri. Kwa mizizi nyeusi isingezifanya kahawia, kwa sababu hina haiondoi weusi wa asili, ungeona tu mng'ao mwekundu ukitoka juani. Ukiitaka baadaye, nunua ile ambayo kwenye viambato imeandikwa majani ya mhina peke yake, *Lawsonia inermis*. Unga wake ni wa kijani au wa kijani-hudhurungi, na huhitaji saa kadhaa kichwani. Unga wowote unaoitwa hina nyeusi na kukolea ndani ya saa moja una kitu kingine ndani, mara nyingi PPD ileile. Kifundo cha hina hakitazamwi siku hiyohiyo. Ukikiosha kitakuwa na rangi ya chungwa, na kitaendelea kukolea kwa siku mbili hadi tatu, kwa hiyo kipe siku hizo kabla hujaamua. Kumbuka pia kwamba ile dawa ya kuondoa rangi haitaigusa hina, kwa hiyo ukiamua kupaka hina kwenye ncha hizo, iwe baada ya kumaliza kuzishughulikia na si kabla.